Eosinofili zimepanda: kabla ya kuanza prednisoloni

Nina pumu. Picha kamili ya damu imeonyesha eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, asilimia 15. Choo hakikuwa na minyoo, basi ni mzio tu?

Anza na idadi, maana asilimia peke yake hudanganya. Chembe nyeupe zikiwa 8,000 kwa mikrolita, asilimia 15 ni 1,200, na hiyo imepanda kwa sababu kikomo cha kawaida ni kama 500. Zingekuwa 3,000, asilimia hiyohiyo ingetoa 450 tu.

Pumu inaweza kuzipandisha, lakini choo kisafi cha siku moja hakiondoi minyoo. Anayetusumbua zaidi ni mnyoo aitwaye strongiloidesi. Mabuu yake huingia kupitia ngozi iliyogusa udongo wenye kinyesi, na mengine hupenya tena mwilini kabla ya kutoka na choo, kwa hiyo mtu anaweza kukaa naye miongo kadhaa. Kwenye choo mabuu huwa machache, leo yapo, kesho hayapo. Omba choo kipimwe siku kadhaa tofauti, pamoja na kipimo cha damu cha kingamwili dhidi yake.

Kwani nikimeza prednisoloni kwa ajili ya pumu kuna ubaya gani?

Prednisoloni hushusha eosinofili hata kama mnyoo bado yupo, hivyo majibu yanapendeza huku kinga ikiwa imelegea. Mabuu huongezeka, husambaa hadi mapafuni na hubeba bakteria wa utumbo kuingia kwenye damu. Hali hiyo huua. Shambulio kali la pumu halisubiri vipimo, ila mwambie daktari mapema ili tiba ya mnyoo iende sambamba. Dawa ya kuvuta endelea nayo.

Tiba ni ivamektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 60 humeza miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, kwa siku moja au mbili kama daktari atakavyoelekeza. Albendazoli ya dozi moja mara nyingi haimmalizi. Aliyewahi kuishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati apimwe kwanza mnyoo wa loa loa, kwani ukiwa mwingi kwenye damu, ivamektini inaweza kudhuru ubongo.

Na kama si minyoo wala pumu?

Taja kila dawa uliyoanza ndani ya miezi miwili iliyopita. Kabamazepini na fenitoini za kifafa, alopurinoli ya gauti na nevirapini ya VVU zinaweza kuleta homa, upele, uso kuvimba, tezi kuvimba na ini kuumia, kwa kawaida wiki 2 hadi 8 baada ya kuanza. Ukiona hivyo nenda hospitali siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi. Dawa ya kifafa hubadilishwa hukohuko.

Eosinofili zikibaki juu ya 1,500 bila sababu, hutafutwa magonjwa ya damu kwa kupima uboho na jeni. Moyo hupimwa mapema kwa kipimo cha damu cha troponini na ultrasaundi, kwa sababu eosinofili nyingi huweza kuuharibu kabla mgonjwa hajahisi chochote.