Logi-ranki inasema kuna tofauti. Ni kubwa kiasi gani?

Swali: Mwalimu, kwenye mfano wa watoto wenye lukemia tuliofundishwa, logi-ranki, kile kipimo cha kulinganisha makundi mawili, ilitoa P ya 0.00004. Sifuri zote hizo baada ya nukta, si ndiyo kusema dawa ina nguvu mno?

Hapana. Sifuri zile zinajibu swali dogo kuliko hilo: kama dawa isingekuwa na athari yoyote, ingekuwa rahisi kiasi gani kwa bahati tu kuona mistari ya makundi mawili kwenye mchoro ikiachana hivi au zaidi ya hivi? Jibu ni kwamba ingekuwa vigumu sana. Mtoto anayemeza dawa anapata nafuu ya wiki ngapi, hilo P haikuulizwa.

Mfano wenyewe unatoka Marekani, kwenye utafiti wa Freireich na wenzake uliochapishwa mwaka 1963. Watoto na vijana 42 wenye lukemia kali walikuwa wametibiwa na ugonjwa ukatulia. Nusu yao, 21, wakapewa merkaptopurini, inayoandikwa 6-MP kwa kifupi, na 21 wengine wakapewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Kisha zikahesabiwa wiki hadi ugonjwa uliporudi. Watoto 12 wa upande wa dawa walikuwa bado hawajarudiwa hesabu ilipofungwa. Tunajua walikaa salama angalau wiki kadhaa, lakini mwisho wao hatuujui. Kwa ajili ya watu kama hao hatuwezi kuchukua wastani wa kawaida, ndiyo maana tunachora mistari ya Kaplan-Meier, inayoonyesha sehemu ya watoto ambao bado hawajarudiwa kadiri wiki zinavyopita, na kuilinganisha kwa logi-ranki.

Swali: Sasa kinachohesabiwa pale ni nini hasa? Mimi naona kompyuta inatema namba tu.

Chukua karatasi, tufanye wiki chache kwa mkono.

Wiki ya 1 watoto wote 42 wako kwenye hesabu, 21 kila upande. Ugonjwa unawarudia wawili. Kama dawa haina maana, wawili hao wangegawanyika kwa kadiri ya idadi ya watoto, mmoja huku na mmoja kule. Tulichoona ni wawili wote upande wa plasebo.

Wiki ya 2 wamebaki 40: wa dawa bado 21, wa plasebo 19. Wanarudiwa wawili tena. Upande wa dawa ulitarajiwa 2 × 21 ÷ 40, yaani 1.05. Tulioona ni sifuri.

Ruka hadi wiki ya 6, maana hapa wengi wanashtuka. Wa dawa bado ni 21, wa plasebo wamebaki 12. Wiki hiyo wanarudiwa watatu na wote ni wa dawa! Walitarajiwa 3 × 21 ÷ 33, kama 1.91. Kwa hiyo wiki hii peke yake inaielemea dawa. Kuna pia mtoto mmoja wa dawa ambaye hesabu yake iliishia wiki hiyo hiyo ya 6 bila ugonjwa kurudi. Anahesabiwa miongoni mwa wale 21, kisha kuanzia wiki ya 7 anaondoka kimya kimya. Hahesabiwi kuwa amerudiwa, wala hafutwi kana kwamba hakuwahi kuwepo. Wanafunzi wengi hukosea hapo: wakimfuta tangu mwanzo, hesabu yote inapinda.

Ukiendelea hivyo hadi mwisho na kujumlisha, upande wa dawa ulitarajiwa kurudiwa mara 19.25 na tukaona 9. Upande wa plasebo zilitarajiwa 10.75 tukaona 21. Pengo kati ya kilichoonekana na kilichotarajiwa ni 10.25. Kipimo kinalichukua pengo hilo, kinalizidisha kwa lenyewe, kisha kinaligawa kwa kiasi ambacho bahati peke yake ingeweza kulitikisa. Jibu ni 16.79, na kutoka hapo ndipo inapopatikana ile P yako.

Angalia hatua ya mwisho, ile ya kugawa. Hapo ndipo wiki na watoto wanapotoweka. Unabaki na namba isiyo na kizio, ambayo haiwezi tena kurudishwa kuwa muda wa mtu.

Swali: Mwenzangu anasema P ikizidi kushuka basi dawa imezidi kuwa nzuri. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Mwambie ajaribu mchezo huu. Achukue orodha ya watoto 42, amwandike kila mmoja mara mbili, wawe 84. Mistari ya Kaplan-Meier haitasogea hata nywele, maana sehemu ya waliorudiwa kila wiki ni ile ile. Dawa haijaongezeka nguvu hata kidogo. Lakini 16.79 inapanda na kupita 33, na P inashuka chini ya 0.00000001.

Watoto wa kunakili si ushahidi halali, bila shaka, ila mchezo unaonyesha P imeshikamana na nini. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyochanganywa, ukubwa wa tofauti na idadi ya matukio. Nasema matukio kwa makusudi, si idadi ya watu. Utafiti wa watu elfu ambamo ugonjwa umerudi kwa 15 tu una habari kidogo kuliko huu wa watoto 42 wenye matukio 30. Ndiyo sababu tofauti ya siku chache inaweza kupata P ndogo mno kwenye utafiti mkubwa, na tofauti ya miezi ikakosa kuonekana kwenye utafiti mdogo. Kwa hiyo usiseme dawa A inaishinda dawa B kwa sababu P ya utafiti wake ni ndogo kuliko ya utafiti mwingine.

Swali: Haya, ukubwa wenyewe niusome wapi basi?

Mimi huanzia kwenye mchoro. Piga rula wima kwenye wiki unayoijali, tuseme ya 10. Mstari wa plasebo uko kwenye 38 kwa mia, wa dawa uko kwenye 75 kwa mia. Kati ya watoto 100 wa namna hii, dawa imewaacha kama 37 zaidi bila ugonjwa kurudi hadi wiki hiyo. Hiyo ni lugha ambayo hata mzazi anaielewa.

Kisha piga rula ya kulala kwenye nusu, yaani 50 kwa mia, upate namba ya kati: wiki ambayo nusu ya watoto wamesharudiwa. Mstari wa plasebo unaivuka wiki ya 8, wa dawa wiki ya 23. Lakini usiishike hiyo 23 kwa nguvu. Kabla ya wiki ya 23 mstari wa dawa ulikuwa 54 kwa mia, na watoto waliobaki kwenye hesabu ni sita tu. Mmoja akarudiwa, mstari ukaanguka hadi 45. Asingerudiwa yule mmoja, tusingekuwa na namba ya kati ya kutaja kabisa. Ukiiuliza kompyuta mipaka ya asilimia 95 ya hiyo 23, yaani inaweza kuwa chini au juu kiasi gani, inaanzia wiki ya 16, na upande wa juu inaandika `NA`, yaani hakuna data ya kuufunga.

Cha tatu ni uwiano wa kasi ya ugonjwa kurudi, unaotoka kwenye modeli ya Cox. Data hizi zimo ndani ya R, ile programu ya takwimu, unaweza kujaribu leo:

```
library(survival)
data(gehan, package = "MASS")
survdiff(Surv(time, cens) ~ treat, data = gehan)
coxph(Surv(time, cens) ~ treat, data = gehan)
```

Mstari wa tatu unakupa logi-ranki. Wa nne unakupa 4.82: kwa wiki yoyote, mtoto wa plasebo ambaye bado yuko salama anarudiwa kwa kasi karibu mara tano ya mwenzake wa dawa. Funga mstari huo wa nne ndani ya `summary()` upate mipaka yake, inayoanzia 2.15 hadi 10.8. Tazama upana huo. P yenye sifuri nne, lakini hatujui kama ni mara mbili au mara kumi. Hakika ya kwamba tofauti ipo ni kubwa, ila kipimo cha tofauti yenyewe bado kina ukungu.

Swali: Kama kasi ni mara tano, si inamaanisha mtoto wa dawa anakaa salama muda mara tano?

La. Ulishaona 8 na 23, na hiyo haifiki hata mara tatu. Kasi ni kama mwendo wa gari, muda ni jambo jingine linalotegemea pia umbo la barabara. Ukiambiwa uwiano wa kasi peke yake, omba na asilimia kwenye tarehe fulani. Ripoti ikiwa na mchoro, utaisoma mwenyewe kwa rula.

Swali: Na mistari ikikatana, logi-ranki inasemaje?

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kila wiki inatoa tofauti yake, chanya au hasi, na kipimo kinazijumlisha. Dawa ikiumiza mwanzoni na kusaidia baadaye, hasi zinakula chanya, na unaweza kupata P kubwa ilhali mistari miwili haifanani hata kidogo.

Au unaweza kupata P ndogo inayokuchanganya. Utafiti wa IPASS wa mwaka 2009, Asia ya Mashariki, uliwalinganisha wagonjwa 1,217 wa saratani ya mapafu: wengine walipewa gefitinibu, wengine kemo ya dawa mbili. Nusu yao walifikia kuzidiwa na ugonjwa au kufa katika miezi 5.7 upande wa gefitinibu na 5.8 upande wa kemo. Ukisoma hapo tu utasema ni sare. Ila uwiano wa kasi ulikuwa 0.74 kwa faida ya gefitinibu, P chini ya 0.001, na kufika miezi 12 waliokuwa bado hawajazidiwa ni 25 kwa mia dhidi ya 7 kwa mia.

Mistari ilikatana karibu na mwezi wa 6. Kemo ilikuwa juu kabla, gefitinibu juu baadaye. Walipopima vinasaba vya uvimbe wakakuta makundi mawili yamechanganywa. Wenye mabadiliko kwenye jeni la EGFR walikuwa na uwiano wa 0.48, wasio nayo 2.85. Kundi la kwanza lilifaidika sana na gefitinibu, kundi la pili lilidhurika kwa kunyimwa kemo, na ile 0.74 haikuwa hali ya mgonjwa yeyote kati yao.