Fyonza Mafuta Kwanza, Poda Baadaye

Miaka michache iliyopita nilimpamba mdogo wa bibi harusi kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Waganda, huko Mukono. Nilimaliza saa moja asubuhi, nikamkabidhi kikopo cha poda nikamwambia, "Dada, ukiona paji la uso linang'aa, jipake kidogo." Alinitii. Alipaka saa nne, akapaka saa sita, akapaka tena wageni walipoanza kuingia hemani. Saa tisa alasiri pua yake ilikuwa na mabaka, na kingo za paji zimekuwa za kijivu kama mtu aliyepitiwa na majivu. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilimpa poda bila kumpa karatasi za kufyonza.

Poda haiondoi mafuta, inayanywa tu, tena kwa kiasi. Chembe za silika, wanga wa mahindi au udongo wa kaolini zikishashiba, yanayotoka baadaye hubaki juu. Ukimwagia poda nyingine hapo, inachanganyika na mafuta kuwa uji mzito. Puani uji huo unateleza na kujaa kwenye vitundu vya ngozi. Pembeni, ambako mafuta ni machache, poda inabaki kavu, na kwenye ngozi nyeusi ukavu huo ndio unaoonekana kijivu.

Kwa hiyo siku hizi kila ninayempamba anaondoka na karatasi kwenye mkoba. Anaiweka puani, anaibonyeza kwa kidole akihesabu hadi tano, kisha anainyanyua. Hasugui, maana kusugua kunang'oa fandesheni pamoja na mafuta. Halafu paji, kwa karatasi nyingine au upande safi wa ileile. Akimaliza ajitazame kwenye kioo: mara nyingi hapo kazi imeisha, na poda haihitajiki kabisa. Ikihitajika, ni mguso mmoja wa brashi ndogo, pale panapong'aa tu.

Karatasi hiyohiyo itakuambia unapambana na nini. Iache mezani dakika kumi. Doa lililokauka na kupotea lilikuwa jasho, na doa lililobaki angavu, kama karatasi iliyofungiwa mandazi, ni mafuta. Fanya jaribio hili kwa karatasi ya kawaida au tishu, kwa sababu zile za plastiki nyembamba, za buluu, hubadilika rangi kwa mafuta na jasho hazilinywi vizuri. Naona wengi Kampala wananunua praima, kile kipodozi kinachopakwa kabla ya fandesheni, moja baada ya nyingine, kumbe shida yao ni jasho la kukaa kwenye taksi iliyokwama kwenye foleni. Praima ya kuondoa mng'ao haizuii jasho. Mwenye jasho ajifute kwa tishu kwa kubonyeza, apate upepo, kisha ndipo aguse poda.

Kwa mwenye mafuta, praima inasaidia, lakini tezi za mafuta zinaendelea na kazi chini yake. Praima nyingi zina dimethikoni, inayolainisha uso wa ngozi, pamoja na silika ya kunywa mafuta. Kiasi cha punje moja ya njegere kinatosha pua na paji. Mashavu makavu nayaacha. Losheni ya kukinga jua inatangulia, naipa dakika kumi itulie, ndipo praima, nayo naipa dakika chache kabla ya fandesheni. Ukiharakisha, au ukizidisha, utaona vijinyuzi vinajikunja chini ya vidole kama uchafu wa kifutio cha penseli. Hapo usiongeze kitu. Futa sehemu hiyo uanze upya.

Siku yenye mpiga picha ina hatari nyingine. Poda nyeupe ya silika isiyo na rangi hupotea machoni, lakini ikizidi hurudisha mwanga wa kamera, na paji linatoka jeupe pichani. Kabla mteja hajainuka kitini nazima taa, nampiga picha kwa simu nikiwasha mwanga wake. Weupe ukionekana, nafagia poda iliyozidi kwa brashi safi.

Yule wa Mukono nilimwokoa hivi: nilibonyeza karatasi mpaka ikatoka kavu, nikagusagusa mabaka kwa sponji safi yenye unyevu kidogo ili tabaka lile zito linyanyuke, nikarudishia fandesheni kwa ncha ya kidole. Sikuweka poda tena, isipokuwa pembeni mwa pua.

Kikopo chake nacho kilikuwa na ushahidi: uso wa poda ulishafanya ganda gumu linalong'aa, na brashi haichukui kitu. Hayo ni mafuta ya pua yaliyorudi na sponji. Bandika selotepu juu ya ganda, ivute, poda nzuri itatokea chini yake, kisha osha sponji kwa sabuni kabla hujairudisha.