Mama amekaa kwenye benchi tangu saa tatu kasoro: maneno ya mapokezi kwa mgonjwa aliyesubiri

Zahanati za Moshi hujaa mapema. Wanaoshuka na Haisi kutoka Kibosho au Marangu wameamka alfajiri, na wengi wamekuja kupima sukari bila kula. Kipimo hicho kinataka mtu awe amekaa angalau saa 8 bila chakula, maji tu. Kwa hiyo mtu wa mapokezi akichelewa, mgonjwa anasubiri na njaa yake, na njaa hiyo hubadilisha jinsi anavyopokea kila neno.

Tuchukue mfano. Ni saa 3:20 asubuhi. Mama mtu mzima amekaa kwenye benchi dakika 25, mkononi ana kadi ya bima na daftari la kliniki. Alikula mara ya mwisho saa 2 usiku. Wewe ulikuwa unahangaika na mtandao uliogoma kuhakiki kadi ya mwingine.

Kazi huanza kabla ya kuomba radhi. Ukiwa bado na simu sikioni, inua macho, mwinamie kidogo, mwambie kwa sauti ya chini, "Karibu mama, nimekuona." Kinachomchosha mtu kwenye benchi si dakika peke yake, ni kutojua kama kuna anayejua yupo. Anayekodolea kioo cha kompyuta dakika 25 hizo zote ataomba radhi hadi kesho bila kusikilizwa.

Ukishapata nafasi, simama na umsogelee. Shikamoo hutangulia, na usubiri marahaba iitikiwe mpaka mwisho. Kuanza na "samahani" kabla ya salamu ni kumrukia mkubwa. Halafu sentensi moja: "Samahani mama, nimekuweka sana." Ishia hapo. Ukianza kumweleza habari ya mtandao, mwenzako aliyeugua na bosi aliyepiga simu, yeye ndiye atakayelazimika kukufariji: "Haya mwanangu, si kosa lako." Amekuja kutibiwa, sasa anakubembeleza wewe. Sababu itolewe tu kama inaathiri kinachofuata, mfano mtandao bado haujarudi. Habari za nyumbani na za mashamba hazifutwi, bali ziulizwe wakati mikono yako tayari inafungua faili.

Nisisitize jambo dogo linaloharibu mengi: mwite mama. "Bibi" kwa mwanamke wa miaka 60 aliyejipamba kuja mjini huweza kumuudhi. Kwa mwanamume, "mzee" ni salama kuliko "babu". Na usimpe shikamoo mtu wa rika lako ukidhani ndiyo heshima; utamzeesha bure.

Kisha usiulize "nikusaidie nini?" wakati jibu liko mkononi mwake. Sema, "Naona una kadi na daftari. Nipe kadi nianze kuhakiki, na wewe ukae hapa karibu." Acha akupe mwenyewe, kumpokonya ni haraka isiyo na adabu. Jambo la sukari uliza ukiwa umeinama karibu naye, kwa sauti ya yeye kusikia peke yake: "Umekuja kupima? Hujala bado?" Benchi zima halihitaji kujua ugonjwa wake, na wema unaotangaza daftari la mtu ni kumwaibisha.

Akijibu hajala, pigia simu maabara ukiwa bado unashughulikia kadi, uwaambie kuna mtu wa sukari ambaye hajala. Kama utaratibu wenu unawapa hao kipaumbele, kiandikwe ukutani, ndipo aliyefika kabla yake asidhani ni upendeleo. Kama hauruhusu, usimruhusu mwenyewe kwa huruma, foleni itakugeukia.

Uliza pia kama amemeza dawa za sukari au kuchoma insulini asubuhi hiyo. Dawa bila chakula huweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukiona jasho, mikono ikitetemeka, au anajibu kwa kuchanganyikiwa, acha kadi mezani na umwite muuguzi papo hapo. Hapo hakuna foleni tena.

Baada ya kutoa damu atarudi kusubiri majibu, na hapa ndipo kazi nzuri ya asubuhi hubomoka. Usimwambie "dakika mbili" kama maabara yenu kwa kawaida huchukua 20. Mwambie 20, na umweleze kwamba sasa anaweza kula, kama hana kipimo kingine kinachomzuia. Hilo waulize maabara kwanza, si yeye. Zikifika 20 na majibu hayajatoka, mfuate kwenye benchi kabla hajanyanyuka: "Mama, bado kidogo, maabara wamesema kumi nyingine." Akishanyanyuka kuja dirishani, ameshauliza yeye.