Tiketi inasema Abdala, pasipoti inasema Abdallah

Kosa lilikuwa langu. Mteja alinitajia jina kwa simu, nami nikaliandika kama nilivyolisikia. Picha ya pasipoti ilipofika baadaye nilikuwa nimeshatoa tiketi. Nimebadilisha jina hapa, lakini tofauti ni ileile: tiketi ilisoma ABDALA, pasipoti ABDALLAH.

Ukitaka kujua jina lako linaandikwaje kwenye usafiri wa ndege, usiangalie saini wala cheti cha kuzaliwa. Fungua ukurasa wa picha kwenye pasipoti, shuka hadi mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Kila mstari una nafasi 44, na ndio mashine inaousoma. Wa juu wa mteja wangu ungekuwa hivi (UTO ni nchi ya mfano tu):

```
P<UTOABDALLAH<<MWANAISHA<SAIDI<<<<<<<<<<<<<<
```

Baada ya herufi tatu za nchi linakuja jina la ukoo. Alama mbili za << zinalitenga na majina mengine, na alama moja ni nafasi kati ya jina na jina. Ritifaa haiingii kabisa, kwa hiyo Ng'wandu husomeka NGWANDU, na hilo si kosa la kuhangaikia. Kistari nacho hugeuka kuwa <.

Sasa weka tiketi pembeni yake:

```
ABDALA/MWANAISHASAIDIMRS
```

Watu wengi hushtuka wakiona majina yamegandana na MRS kubandikwa mwisho. Huo ni mtindo wa mifumo ya kukata tiketi, wala usimpigie mtu simu kwa ajili yake. Tatizo liko kabla ya mkwaju: L moja na H zimekosekana. Soma herufi kwa herufi, kwa kidole ikibidi, maana jicho hulisoma jina linalolijua hata kama halijaandikwa.

Herufi mbili ni kosa dogo. Mashirika mengi hukubali kurekebisha hadi herufi tatu hivi, mradi ionekane wazi kwamba abiria ni yuleyule. Kwa hiyo unapoomba, sema unataka kusahihisha jina, usiseme kubadilisha jina. Kwa mhudumu, kubadilisha maana yake ni kumpa mtu mwingine tiketi, na hilo mashirika mengi hayaruhusu. Ambatisha picha ya ukurasa wa pasipoti kwenye ombi la kwanza kabisa.

Ombi liende kwa aliyekuuzia. Kama ulinunua kwa wakala, shirika la ndege mara nyingi litakurudisha kwake. Wakala naye huomba kibali kwa shirika lililotoa tiketi, ambalo hutambulika kwa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya tiketi yenye tarakimu 13. Safari ya mteja wangu ilikuwa na ndege mbili za mashirika mawili, lakini tiketi ni moja, kwa hiyo niliandikia lile lenye tarakimu zake. La pili halina mamlaka juu ya tiketi ya mwenzake.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Bukingi na tiketi ni vitu viwili. Bukingi ina namba ya herufi na tarakimu sita, na jina linaweza kusahihishwa humo huku tiketi ikibaki na jina la zamani. Ukifungua safari yako mtandaoni unaona ABDALLAH, unapumua, kisha kaunta inakukatalia kwa sababu tiketi hailingani na bukingi. Kwenye safari ya mashirika mawili ni mbaya zaidi: la kwanza linakupokea vizuri, la pili bado limeshika jina bovu. Kwa hiyo niliuliza maswali mawili tu: tiketi imetolewa upya? Na shirika la pili limepokea jina jipya? Kisha nikaingia kwenye tovuti ya hilo la pili kwa namba yake ya bukingi, ambayo huwa tofauti na ya la kwanza, nikaangalia mwenyewe.

Haya yote yafanyike kabla hujachekini. Chekini ya mtandaoni kwa kawaida hufunguliwa saa 24 hadi 48 kabla ya ndege kuondoka, na watu huikimbilia ili wapate kiti cha dirishani. Ukishachekini, tiketi hushikwa na mfumo wa uwanjani, na wakala hawezi kuigusa mpaka chekini ifutwe. Nilimwambia mteja, "Dada, usibonyeze chochote mpaka nikutumie tiketi mpya." Nilipomtumia, ilikuwa na namba nyingine kabisa, na kabla ya mkwaju ilisoma ABDALLAH.