Uwezekano wa kushinda mechi ya tenisi: jinsi ya kuukokotoa bila modeli kukariri

Mechi ya tenisi haina sare, na ndiyo maana regresheni lojistiki inaufaa mchezo huu. Inachukua tofauti kati ya wachezaji wawili, inaipa kila tofauti uzito wake, inazijumlisha kupata namba moja tunayoiita z, kisha inaigeuza z kuwa uwezekano kwa fomula p = 1/(1 + e^(-z)). Z ikiwa 0, kila mchezaji ana 0.5.

Tuchukue mechi moja kwenye uwanja wa udongo, kwa uzito niliouchagua kwa ajili ya mfano tu. Mchezaji A amemzidi B kwa pointi 150 za Elo, ule mfumo wa viwango uliobuniwa na Arpad Elo kwa ajili ya sataranji. Tukiweka uzito wa 0.40 kwa kila pointi 100, A anapata 0.60. Lakini kwa viwango vya udongo peke yake B ndiye aliye mbele kwa pointi 50. Uzito ukiwa 0.30 kwa kila pointi 100, tunatoa 0.15. Tena A amekaa uwanjani saa 3 zaidi ya B katika siku chache zilizopita, na kila saa inamgharimu 0.05, kwa hiyo tunatoa 0.15 nyingine. Z inabaki 0.30, na uwezekano wa A ni 0.57.

Sasa wageuze, B awe wa kwanza. Tofauti zote zinabadili alama, z inakuwa -0.30, na B anapata 0.43. Jumla ni 1, kama inavyopaswa. Ila programu nyingi huongeza zenyewe namba ya kuanzia isiyotegemea mchezaji yeyote. Ikiwa 0.10, A atapewa 0.60 na B, akitajwa kwanza, atapewa 0.45. Jumla 1.05, jambo lisilowezekana. Namba hiyo iondolewe. Na kwa kuwa mafaili mengi ya matokeo huandika mshindi kwanza, changanya mpangilio kwa kura kabla ya kuanza, la sivyo modeli yenye namba hiyo itajifunza kwamba wa kwanza ndiye hushinda.

Hali inayowahusu wote wawili sawasawa, kama mechi ya seti tano, haiwezi kuingia peke yake, kwa sababu tofauti yake ni sifuri. Inaingia kwa kuzidishwa na tofauti ya Elo: seti zikiwa nyingi, aliye bora ana nafasi kubwa zaidi ya kuonyesha ubora wake.

Kila kipimo lazima kiwe kilijulikana kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Nimewahi kuletewa modeli iliyopatia karibu mechi zote, na mwenyewe alikuwa na furaha kubwa. Tulipofungua data tukakuta asilimia ya pointi zilizoshindwa katika mechi ileile iliyokuwa ikitabiriwa. Elo nayo huvujisha matokeo hivyohivyo ukitumia kiwango kilichosahihishwa baada ya mechi.

Kuvuja kukishazibwa, linabaki tatizo la kukariri. Ukirundika vipimo 30, modeli itapata sababu ya kila matokeo ya zamani, hata yale ya bahati tu. Njia ya kuibana ni kuadhibu uzito mkubwa. Katika scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunza modeli, adhabu hiyo hupangwa kwa namba C; C ikipungua, kibano kinaongezeka:

```
make_pipeline(
    StandardScaler(with_mean=False),
    LogisticRegression(C=0.1, fit_intercept=False))
```

Thamani ya C usiikisie. Funza kwa miaka ya mwanzo, chagua C kwa mwaka unaofuata, na mwaka wa mwisho usiuguse mpaka umalize. Usigawe mechi kwa kura, maana utakuwa unatumia mechi za Agosti kutabiri za Machi.

Kwa kupima, mimi sitegemei hesabu ya mechi zilizopatiwa. Natumia wastani wa -ln(p), ambapo p ni uwezekano aliokuwa amepewa mshindi. Anayesema 0.5 kila mara hupata 0.693. Ukimpa mshindi 0.4 unalipa 0.92, ukimpa 0.1 unalipa 2.30. Wastani ukishuka kwenye data ya kufunzia huku ukipanda kwenye mwaka wa kuchagulia C, modeli imekariri. Ilinganishe pia na modeli ya Elo peke yake. Vipimo visivyoishinda viondoke.

Halafu kusanya mechi ambazo modeli ilitoa takriban 0.70. Zikiwa 200, tarajia ushindi 140 hivi, na kati ya 127 na 153 ni kuyumba kwa kawaida. Ukikuta 120, modeli inajiamini kupita kiasi: ilitoa z ya 0.85 mahali panapostahili 0.41, karibu nusu. Punguza C au ondoa vipimo, lakini usiisahihishe kwa kutazama mechi hizohizo 200 kisha ukaipima kwazo tena. Subiri mechi mpya ambazo modeli haijaziona.