Kumtoza mteja wa Chicago kwa saa za Mombasa

Natunza vitabu vya hesabu vya wateja wa nje nikiwa Mombasa, na ankara zangu zote natoza kwa saa. Wanaoanza kazi hii huniuliza watumie programu ipi, Toggl Track au Clockify. Zote mbili zinapima muda vizuri, na unaweza kuanza bila kulipa. Migogoro mingi ya malipo niliyosaidia kuitatua ilianzia kwingine: jinsi muda uliopimwa unavyogeuzwa kuwa ankara.

Tuanze na saa za eneo. Tuseme unamfanyia kazi mteja wa Chicago usiku wa tarehe 30 Juni. Unawasha kipima muda saa 4 usiku, unakizima saa 6 kamili, unapumzika kidogo, kisha unakiwasha tena saa 6:20 hadi saa 8 usiku. Kwako kipande hicho cha pili kimeangukia Julai. Majira ya joto Chicago iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo huko ilikuwa saa 10:20 alasiri hadi saa 12 jioni, bado tarehe 30 Juni. Clockify humwonyesha kila mtu muda kwa saa za eneo alizoweka kwenye akaunti yake. Ukitoa ripoti ya Juni, kipande hicho hakimo. Mteja akifungua ripoti ileile kwake, kimo. Mwezi unaofuata unamtoza saa ambazo yeye hazioni ndani ya Julai, naye ana haki ya kuuliza.

Dawa yake ni kukubaliana tangu mwanzo mwezi unafungwa kwa saa za nani. Mimi hufuata za mteja, kwa kuwa yeye ndiye anayelinganisha ankara na bajeti yake. Siku ya kufunga mwezi nabadilisha saa za eneo kwenye wasifu wangu kutoka Africa/Nairobi kwenda America/Chicago, natoa ripoti ya PDF, kisha narudisha. Usisahau kurudisha, maana rekodi zote za nyuma nazo huonekana kwa saa hizo mpya. Usikariri tofauti ya saa pia. Sisi hatubadilishi saa, lakini Chicago husogeza zao Machi na Novemba, na kuanzia Novemba tofauti huwa saa 9. London nayo hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo mwenye wateja wa pande zote mbili hupitia majuma machache ambapo mmoja ameshabadilisha na mwenzake bado.

Jambo la pili ni desimali, na hapa watu wanapoteza pesa zao wenyewe. Kile kipande cha saa 6:20 hadi 8 ni saa 1 na dakika 40. Kwa dola 18 kwa saa, ni dola 30 kamili. Anayeandika 1.40 kwenye ankara analipwa dola 25.20, kwa sababu 1.40 ni saa 1 na dakika 24. Ukihamishia ripoti kwenye Excel au Google Sheets, kosa huja kwa sura nyingine: 1:40 huhifadhiwa humo kama sehemu ya siku nzima, hivyo ukizidisha moja kwa moja kwa 18 unapata dola 1.25. Zidisha kwanza kwa 24. Ikiwa B2 ina muda na C2 ina bei:

```
=B2*24*C2
```

Jumla ikivuka saa 24, seli huanza kuhesabu upya, na saa 26:30 zinaweza kuonekana kama 2:30. Umbizo hili linazuia hilo:

```
[h]:mm
```

Kuhusu kukadiria dakika, nina msimamo mkali: usikadirie kila rekodi peke yake. Barua pepe nne za dakika 4 kila moja ni dakika 16. Ukipandisha kila moja hadi robo saa, umemtoza mteja saa nzima, na akifungua ripoti ya kina ataona. Kadiria mara moja tu, kwenye jumla ya siku, na uandike kanuni hiyo kwenye mkataba.

Wanaofanya kazi kwa saa kupitia Upwork wana mfumo wake wenyewe. Programu yake hugawa muda katika vipande vya dakika 10 na kupiga picha ya skrini ndani ya kila kipande. Juma lake hufuata UTC, kwa hiyo kwetu linaanza Jumatatu saa 9 usiku. Mteja akikuwekea kikomo cha saa 20 kwa juma nawe umezimaliza, ukiamka Jumatatu saa 8 usiku kuanza kazi, saa nzima ya kwanza bado inaangukia juma lililojaa. Subiri saa 9. Na muda unaouingiza kwa mkono, bila kipima muda, haumo kwenye ulinzi wao wa malipo ya saa, hata kama kazi uliifanya kweli.