Wiki ya kwanza mapokezi: ujumbe upi unapandisha, na kwa nani

Kwa wanaoanza mapokezi kwenye taasisi za umma hapa Dodoma, iwe Mtumba iwe mjini, sisi wa utawala wiki ya kwanza tunaipanga hivi. Jumatatu hushiki simu. Unakaa na mwenzio mzoefu unasikiliza, unajifunza orodha ya ekstensheni na nani anakaimu nani, maana mabosi wanasafiri kila mara na ujumbe hausubiri mtu arudi.

Jumanne unaanza kuandika kwenye daftari: saa, jina, namba ya simu, anamtaka nani na shida yake nini. Namba msomee aliyepiga ahakikishe. Ukiandika "kuna mama kapiga, atapiga tena" hapo hujaandika kitu.

Jumatano ndo siku nzito, siku ya kujua kipi kinapanda. Chukulia saa 3:40 asubuhi kijana analeta bahasha, ndani kuna notisi ya kusudio la kuishtaki taasisi. Kisheria anayetaka kuishtaki serikali anatoa kwanza notisi ya siku 90, kwahiyo ile karatasi ina saa inayotembea, na wageni wengi wa kazi wanaitupia kwenye trei ya barua za kawaida, inakaa wiki mbili, mwanasheria anakuja kuiona siku zimeshaliwa. Wewe gonga mhuri wa kupokelea wenye tarehe ya leo (usirudishe nyuma hata ukiombwa), andika na saa, iingize kwenye rejista, halafu ipeleke mkononi kitengo cha sheria muda huohuo. Mwanasheria hayupo? Anayemkaimu. Naye hayupo? Katibu muhtasi wa mkuu wa taasisi. Aliyepokea asaini, na usimwambie aliyeleta neno lolote kuhusu kesi, hata "tutalishughulikia". Samansi ya mahakama nayo njia ni hiyohiyo. Bahasha yenye neno SIRI hufungui kabisa, inaenda masijala ya siri ikiwa imefungwa.

Alhamisi ni simu zenye mtego. Mwandishi wa habari anaenda kwa afisa mawasiliano, hata swali lake likiwa dogo na jibu unalijua. Anayetaka namba binafsi ya mtumishi humpi, unachukua yake unampelekea mhusika aamue mwenyewe. Na yule anayesema anapiga toka ofisi ya waziri, anataka namba ya mhasibu haraka haraka, mwambie utampigia, kisha katibu muhtasi apige kwa namba iliyopo kwenye orodha yenu, sio aliyoitaja yeye. Tapeli hapo anakasirika au anakata. Moto ukitokea hupandishi kwa bosi kwanza, unapiga 114 ndo unamwambia.

Ijumaa unakaa mwenyewe, jioni msimamizi anapitia daftari mstari kwa mstari, na anachotafuta zaidi ni mistari isiyo na jina la aliyekabidhiwa ujumbe. Kila mstari wa hivyo mnaufuatilia pamoja kabla hamjatoka.